Kuonana na wazazi wa mwenzangu nikiwa na mtoto na ndoa iliyovunjika

Nilipokubali kwenda kuonana na wazazi wa mwenzangu kwa mara ya kwanza, nilikuwa na mambo mawili ambayo nilijua hayangepita bila kuulizwa: niliwahi kuolewa na ndoa ikavunjika, na ninaye binti wa miaka 7 anayeishi nami. Karibu kila aliyenishauri kuhusu siku hiyo alinieleza nguo ya kuvaa na namna ya kuketi. Hayo yana nafasi yake, lakini kwa mtu mwenye historia kama yangu, mazungumzo ya siku hiyo hutegemea zaidi jambo linalotakiwa kufanyika mapema, yaani kujua wazazi wameshaambiwa nini, wameambiwa na nani, na kwa maneno gani.

Nilimwuliza mwenzangu swali hilo waziwazi, naye akanijibu kwamba wazazi wake wanajua kila kitu. Jibu hilo halikunitosha, kwa sababu mtu anayewapenda wazazi wake huona amesema kila kitu pale alipokwisha kusema yale yaliyokuwa mepesi kusemeka. Nikamwomba anisimulie mazungumzo yenyewe jinsi yalivyokwenda: alizungumza na nani, lini, na yule aliyeambiwa akasema nini. Hapo ndipo ilipobainika kwamba mama yake alikuwa anajua habari za mtoto, ila baba yake alijua tu kwamba niliwahi kuolewa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameambiwa kwamba talaka ilikamilika kisheria miaka 4 iliyopita. Ningekwenda basi kuketi mbele ya wazee wawili wenye habari mbili tofauti, mmoja akiuliza habari za mjukuu wa kambo na mwingine akigeuka kwa mshangao kuuliza ni mtoto gani huyo anayezungumziwa.

Tulikubaliana kwamba habari nzito ya namna hiyo haipaswi kusikika kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni. Mzazi anayeshtushwa sebuleni kwake hana pa kuupeleka mshtuko wake. Hawezi kumkaripia mwanawe kwa sababu mgeni yupo, hawezi kuuliza kwa undani kwa sababu hajajipanga, na hawezi kunyanyuka akaenda zake kwa sababu ni mwenyeji. Atanyamaza, na kile alichokinyamazia kitabaki kimeshikamana na sura ya mgeni kwa muda mrefu baada ya mgeni mwenyewe kuondoka. Mwenzangu alimpigia baba yake simu siku chache kabla, akamweleza peke yake, na nilimwomba aseme mambo matatu kisha aishie hapo: kwamba niliolewa, kwamba ndoa ile imekwisha kisheria, na kwamba ninaye mtoto ninayeishi naye. Sababu za kuachana nilimwomba asizieleze kabisa. Mambo yaliyotokea anaweza kuyapeleka mtoto wa nyumba, tena inafaa ayapeleke yeye, kwa maana wazazi humwamini na wanaweza kumwuliza chochote. Sababu ni zangu mimi niliyeyapitia, na nikizikuta zimeshasimuliwa na mtu mwingine nitatumia siku nzima kusahihisha maneno ambayo sikuyasikia yakisemwa.

Katika mazungumzo hayohayo nilimwuliza pia ni mambo gani mimi nisiyaulize. Watu hujiandaa kujibu maswali magumu wakasahau kwamba mgeni naye anaweza kuuliza swali la kuumiza bila kujua. Akaniambia kwamba kaka yake mkubwa hajazungumza na baba yao kwa muda mrefu, na kwamba picha ya kaka huyo bado iko ukutani. Kama nisingelijua hilo, nina hakika ningeitazama picha ile kwa nia njema kabisa na kuuliza, "Na huyu ni nani?" Hilo lilikuwa moja ya mambo ya manufaa zaidi aliyoniambia kabla ya siku hiyo.

Kuhusu cha kuchukua, wazo lake la kwanza lilikuwa keki, na wazo langu lilikuwa kitambaa kizuri kwa mama yake pamoja na shati kwa baba yake. Tuliyaacha yote mawili. Baba yake ana kisukari, na mgeni akileta kitu ambacho mwenye nyumba hawezi kukila, mwenye nyumba hulazimika kuchagua kati ya afya yake na adabu yake. Nguo nazo zina ugumu ambao sikuuona mpaka nilipolifikiria jambo hilo kwa utulivu. Ukimpa mtu nguo siku ya kwanza, kila utakaporudi kwake ataona anatakiwa awe ameivaa, na asipoivaa utajiuliza kama amekukataa. Zaidi ya hayo, hujui kipimo chake wala rangi anazozipenda. Zawadi ya namna hiyo humdai anayeipokea, na zawadi ya gharama kubwa humdai zaidi, kwa sababu wazee wenye heshima zao hawatulii mpaka wawe wamerudisha kitu cha thamani inayolingana.

Nilichukua matunda na majani ya chai. Nilichagua matunda mazima na kuiacha juisi, kwa kuwa juisi hupandisha sukari mwilini haraka kuliko tunda linaloliwa na nyuzinyuzi zake, na nilimwuliza mwenzangu baba yake hula matunda gani kwa kawaida ili nisilete nisichokijua. Maua niliyaondoa katika orodha kwa sababu mama yake ana pumu, na chavua au harufu kali vinaweza kumsumbua mtu mwenye pumu ndani ya dakika chache. Katika kuamua kiasi, niliwahesabu watu wanaoishi katika nyumba ile na wale waliotarajiwa kuwepo siku hiyo, nikanunua kiasi ambacho kila mmoja angepata tunda lake na machache yangebaki kwa kesho yake. Niliangalia pia kwamba nisichukue kitu kinachomtaka mwenyeji aanze kazi papo hapo, kama vile nyama mbichi au samaki, kwa sababu mama wa nyumba siku hiyo tayari ana mambo mengi mikononi. Kitu kinachotumiwa na watu wote wa nyumba na kikaisha katika siku chache hakimwelemei mtu yeyote.

Nilikibeba kikapu mimi mwenyewe kutoka garini mpaka mlangoni, ingawa mwenzangu alitaka kunipokea, kwa sababu kikiingia mikononi mwake kinaonekana ni chake. Nilisubiri tusalimiane kwanza. Nikawaamkia, "Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama," wakaitikia, ndipo nikamkabidhi mama yake nikisema, "Mama, nimekuja na matunda kidogo ya nyumbani." Sikueleza bei, wala nilikoyanunua, wala kwamba nilizingatia kisukari cha Baba. Kumwonyesha mtu kwamba umeshaambiwa ugonjwa wake kabla hujamzoea kunaweza kumfanya ajione amefunuliwa katika nyumba yake mwenyewe. Ikiwa zawadi inamfaa, atatambua mwenyewe kwamba kuna mtu alijali.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa nyepesi: habari za njia, habari za kazi, habari za wazazi wangu. Swali la kwanza lenye uzito lilikuja kwa sauti ya kawaida kabisa. Mama yake aliniuliza, "Na mtoto umemwacha na nani?" Mtu anaweza kuliona kuwa ni swali dogo, lakini ndani yake kuna mengine ambayo mzazi hawezi kuyauliza moja kwa moja: kama nina watu wa kunisaidia, kama huwa namwacha mtoto ovyo, kama baba wa mtoto bado ana nafasi katika maisha yangu, na kama mwanawe amegeuzwa mlezi bila wao kujua. Nilijibu, "Yuko kwa mama yangu, Mama. Amezoea kushinda huko siku za Jumamosi, na jioni nitampitia turudi naye nyumbani." Kisha nikanyamaza.

Huko kunyamaza ndiko kulikonitaka nguvu zaidi. Nilikuwa nimejizoeza kujibu lile lililoulizwa, kuongeza jambo moja linalotuliza hofu iliyo nyuma ya swali, na kuishia hapo. Baada ya jibu huja kimya kifupi, na mgeni mwenye wasiwasi hukiona kimya hicho kama dalili kwamba jibu halikutosha, akaanza kuongeza maelezo: kwamba si kila Jumamosi, kwamba mama yake mwenyewe ndiye anayependa kukaa na mtoto, kwamba hata mwalimu amesema mtoto anaendelea vizuri. Kila maelezo ambayo hayakuombwa humfanya msikilizaji ajiulize kwa nini yametolewa. Mara nyingi mzee aliyenyamaza anachukua muda wake kulipokea jibu tu.

Swali zito zaidi lilitoka kwa baba yake tulipokwisha kula. Aliniita kwa upole akasema, "Binti yangu, usinichukulie vibaya. Hiyo ndoa ya kwanza ilikuwaje hata ikafika huko?" Nilikuwa nimeliandaa jibu hili kuliko yote. Nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi, nikalisoma kwa sauti, nikaondoa maneno mpaka likabaki katika kiasi ambacho mtu anaweza kukisikiliza bila kuchoka. Niliondoa kila sentensi iliyomlaumu mume wangu wa zamani, na niliondoa pia zile zilizonidhalilisha mimi, kwa sababu mtu anayejishusha kupita kiasi mbele ya wakwe watarajiwa huwalazimisha wamfariji wakati walitaka kumfahamu. Nilihakikisha kwamba lililobaki ni kweli tupu, maana maneno ya siku ya kwanza hukumbukwa, na siku yoyote ile ndugu au rafiki wa zamani anaweza kuja kuyasimulia kwa namna nyingine.

Nilimjibu hivi: "Baba, mambo ya msingi hatukuwa tumeyazungumza kabla ya kuoana, hasa fedha na mahali pa kuishi, na tulipoyafikia tulishindwa kukubaliana. Wazee wa pande zote mbili walikaa nasi kutusuluhisha, ikashindikana, tukaachana kisheria miaka 4 iliyopita. Mpaka leo tunasaidiana kumlea mtoto, na hatuna ugomvi." Aliitikia kwa kichwa. Kisha akaongeza swali ambalo wengi wetu hutulewesha, kwa kuwa linatupa nafasi ya kujitetea: "Na kosa lilikuwa la nani?"

Nilimwambia, "Baba, kila mmoja ana upande wake. Yeye hayupo hapa aseme wake, kwa hiyo naona si haki niseme wangu peke yangu." Mwenzangu aliniambia baadaye kwamba hapo alishusha pumzi. Mimi nilimwangalia baba yake, na nilichokiona ni kwamba aliegemea nyuma kwenye kiti chake, akaacha kabisa habari za ndoa ile na kuniuliza kazi yangu ni ya namna gani. Naamini hakuwa anatafuta mwenye hatia. Alikuwa anasikiliza ninavyomzungumzia mtu asiyekuwepo, kwa sababu huenda siku moja mtu huyo asiyekuwepo akawa mwanawe. Anayemchafua mume wa zamani mbele ya wakwe hudhani anajisafisha, na wakwe kwa upande wao humsikia akiwaonyesha jinsi mtoto wao atakavyozungumzwa mambo yakiharibika.

Ninajua kwamba si kila ndoa huvunjika kwa kutokubaliana. Kama aliyeachana alikuwa anapigwa, jibu langu halimfai, na hana sababu ya kumsitiri aliyemwumiza. Mtu wa namna hiyo anaweza kusema, "Sikuwa salama katika ndoa ile, nikaondoka, na bado ni vigumu kwangu kuizungumza," na maneno hayo yanatosha. Mzazi mwenye utu ataelewa, na asiyeelewa hafai kupewa maelezo zaidi siku ya kwanza.

Maswali ya kazi na kipato yalipita haraka. Mama yake aliuliza kama kazi yangu inanitosha, nikamwambia kwamba ninafanya hesabu za kampuni ndogo kwa mikataba, kwamba inatutosha mimi na mwanangu, na kwamba kuna miezi inakuwa myembamba. Sikutaja tarakimu, naye hakuzihitaji. Kama angezihitaji, ningemjibu vilevile kwa kumweleza kinachotoshelezwa na kipato hicho, kwa kuwa hilo ndilo mzazi anataka kulijua.

Kulikuwa na swali moja ambalo sikulijibu mimi. Mama yake aliuliza, akiniangalia mimi, "Na mnatarajia kupata mtoto wenu?" Tulikuwa tumeyagawa maswali mapema kulingana na yanayemhusu. Yanayohusu maisha yangu ya nyuma ningeyajibu mimi, yanayohusu uhusiano wake na wazazi wake angeyajibu yeye, na yanayotuhusu sote wawili, kama vile ndoa, mahali pa kuishi na uzazi, angeanza kuyajibu yeye kwa sababu walioketi mbele yetu ni wazazi wake. Mgeni akisema "Tumeamua kusubiri," maneno hayo husikika kana kwamba yeye ndiye aliyeamua na mtoto wao amefuata tu. Mtoto wao akiyasema mwenyewe, wanaweza kumbishia, kumcheka au kumkemea kama walivyozoea, na mgeni hataingia katikati. Mwenzangu akasema, "Mama, hilo bado tunalizungumza sisi wawili. Tukifika mahali pa kuwaambia, ninyi mtakuwa wa kwanza kulisikia." Mimi nikaongeza, "Nashukuru umeniuliza mwenyewe, Mama."

Swali likikataliwa hivyo, hata kwa adabu, huacha nafasi tupu katika mazungumzo, na aliyelikataa ndiye anayepaswa kuijaza. Mama mtu alikuwa ameomba jambo la karibu na hakulipata, kwa hiyo ilinibidi nimpe jambo lingine la karibu badala yake. Nilimwomba anisimulie mwenzangu alikuwaje alipokuwa na umri wa binti yangu. Uso wake ulibadilika. Alitusimulia jinsi kijana wake alivyokataa mfuko mpya wa shule na kung'ang'ania ule wa zamani, ambao kamba yake ilikuwa imekatika na kufungwa kwa fundo, hata ikambidi yeye aushone usiku mtoto akiwa amelala ili asijue kwamba umeguswa. Mwenzangu hakuwahi kujua kwamba ulishonwa. Baba yake akadakia kusahihisha rangi ya mfuko, wakabishana kidogo, na kwa muda huo hakuna aliyekuwa anamhoji mtu.

Baada ya hapo alifika shangazi yake, ambaye hakuwa ameandaliwa na mtu yeyote. Hakukaa muda mrefu kabla ya kusema, "Kwa hiyo mwanetu ndiye atalea mtoto wa mwanamume mwenzake?" Nilimjibu, "Shangazi, mtoto ana baba yake anayemhudumia, nami ninafanya kazi." Akarudia swali lilelile kwa maneno tofauti, nikarudia jibu lilelile kwa sauti ileile. Aliporudia tena nikanyamaza, na mwenzangu akasema, "Shangazi, hilo limeshajibiwa." Baba yake akaunga mkono kwa kumwuliza shangazi habari za safari yake.

Kutokana na siku hiyo nimekuwa nikitofautisha swali la hofu na swali la kushambulia kwa kuangalia linavyoenda baada ya kujibiwa. Swali la hofu husogea. Ukijibu sehemu moja, anayeuliza huja na lingine dogo zaidi, akikaribia kile hasa kinachomsumbua, kama baba yake alivyotoka kwenye ndoa akafika kwenye kazi. Swali la kushambulia hubaki palepale hata ulijibu vipi, kwa sababu anayeliuliza hasubiri jibu. Hapo mgeni hana wajibu wa kutafuta jibu zuri zaidi. Atajibu mara moja au mbili kwa utulivu, na baada ya hapo kazi ni ya mtoto wa nyumba. Kama mtoto wa nyumba ananyamaza pale mwenzake anaposhambuliwa mbele yake, hilo nalo ni jambo la kuzungumzwa na wawili hao njiani wakirudi, tena kwa uzito.

Kuna hali ambayo hata maandalizi haya hayaifikii. Ndugu yangu wa karibu alikwenda kuonana na wazazi wa mchumba wake na hakuulizwa chochote. Walimkaribisha, wakampa chakula, na kila walichokisema kilielekezwa kwa mtoto wao, hata pale kilipomhusu yeye: "Mgeni wako anakula hiki?" Yeye alirudi akiwa na furaha kwamba siku ilipita bila usumbufu, na mimi nilipomsikiliza nilipata mashaka. Wazazi wanaouliza maswali magumu bado wanalifikiria jambo. Wale wasiouliza lolote mara nyingi wameshaamua, au kuna ugomvi kati yao na mtoto wao ambao haumhusu mgeni. Kwa ndugu yangu ilikuwa hivyo: walikuwa wamepangiwa siku bila kuulizwa. Zawadi kubwa zaidi safari iliyofuata isingesaidia kitu. Ilibidi mchumba wake aende kwao peke yake, akae nao, awasikilize mpaka wamalize, ndipo yeye arudi.

Sisi tuliondoka mazungumzo yakiwa bado mazuri, baada ya kama saa tatu. Nilijitolea kusaidia kuosha vyombo, Mama akasema hapana, nikaliacha hapo, kwa kuwa kung'ang'ania kuingia jikoni kwa mtu aliyekwisha kukataa ni kumwondolea mamlaka katika nyumba yake. Kesho yake nilimtumia ujumbe mfupi kwa namba aliyonipa mwenyewe, nikimshukuru na kumwambia kwamba binti yangu aliposikia habari za mfuko ule aliniuliza kama mtoto mwenyewe aliwahi kuligundua fundo limetoweka. Ujumbe wa shukrani wenye jambo moja lililotokea kweli hujibiwa, na huo wangu ulijibiwa kabla ya mchana.

Miezi michache baadaye mwenzangu alikuja kwa wazazi wangu, na nikapata kuliona jambo hili nikiwa upande wa wenyeji. Baba yangu aliniita pembeni asubuhi na kunieleza swali atakalouliza, akitaka nimwambie kama ni kali mno. Lilikuwa hili: "Uko tayari kuishi na mtoto ambaye kila mwisho wa mwezi atakwenda kwa baba yake?" Sauti yake ilitetemeka kidogo alipolijaribu mbele yangu. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mzazi naye hufanya mazoezi. Mwenzangu alimjibu kwamba mtoto ana baba na yeye hataki kuichukua nafasi hiyo, ila yuko tayari kumpeleka na kumrudisha siku hizo ikiwa mimi nitakuwa kazini. Baba yangu alishika hilo la kumpeleka na kumrudisha, akauliza wataonanaje na yule mwingine mlangoni, watasalimianaje, na wakazungumza hayo kwa muda mrefu kama watu wanaopanga kazi.

Kwa wazazi wa mwenzangu sikumchukua binti yangu safari ile ya kwanza, kwa sababu watu wazima hawawezi kuuliza wanayotaka kuuliza mbele ya mtoto, na mtoto akiwepo huyasikia hata yale wanayodhani wameyaficha. Mama yake alipoomba nije naye safari nyingine, nilimwomba jambo moja kabla ya siku hiyo: kwamba binti yangu asiulizwe kama anampenda zaidi baba yake au mwenzangu, hata kwa utani, kwa kuwa swali hilo halina jibu ambalo mtoto wa miaka 7 anaweza kulitoa bila kujiona amemsaliti mmoja wao. Mama alikubali. Akasema kwamba atamweleza mumewe jioni hiyohiyo, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemweleza shangazi.